Rangi isiyobanduka: Mipira ya Krismasi yenye majina, kutoka kuoshwa hadi kufungwa

Mkufunzi alianza somo kwa kuharibu kazi ya mtu. Alishika mpira mwekundu wa kupamba mti wa Krismasi, ulioandikwa jina la Baraka kwa rangi nyeupe, akapitisha ukucha wa kidole gumba chini ya herufi ya kwanza. Rangi ikainuka na kutoka kipande kizima, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake plastiki ilikuwa safi na inang'aa, kana kwamba haijawahi kuguswa na brashi.

Mpira huo ulikuwa mmoja wa mipira 20 ambayo mwanachama wa kikundi cha akina mama aliiuza Desemba iliyopita. Sita ilirudishwa kabla ya Mwaka Mpya. Mingine ilikuwa imeng'oka rangi, mingine ilikuwa imegandana na karatasi ya plastiki iliyofungiwa. Alirudisha pesa, na mteja mmoja ambaye mpira wake ulikuwa zawadi ya Krismasi ya kwanza ya mtoto hakutaka pesa wala mpira mwingine. Mwanamke huyo alikuwa ameketi ukumbini siku hiyo ya mafunzo, na ndiye aliyeleta mpira huo mwenyewe. Alitaka kujua alikosea wapi, kwa sababu michoro yake ilikuwa mizuri na rangi aliyonunua haikuwa ya bei ya chini.

Jibu la mkufunzi lilikuwa kwamba hakukosea katika kuchora. Alikosea kabla ya kuanza kuchora, na akakosea tena baada ya kumaliza.

Kwa nini rangi hubanduka

Rangi ya akriliki ni chembe ndogo sana za plastiki zilizochanganywa na unga wa rangi, zote zikielea ndani ya maji. Maji yanapokauka, chembe hizo hukaribiana, hushikana na kuwa ngozi moja laini inayoweza kupindika. Mtu akipaka rangi hiyo kwenye mbao, kitambaa au karatasi, sehemu ya ngozi huingia katikati ya nyuzi na kujishikilia humo. Ndiyo maana rangi ya akriliki iliyomwagikia nguo haitoki ikishakauka.

Kwenye plastiki laini au kioo, rangi haina pa kuingia. Hukaa juu tu, mfano wa chapati iliyolazwa juu ya sahani. Ikiwa uso una mafuta ya vidole, vumbi la dukani au utando uliobaki kiwandani, hata kule kukaa juu huwa kwa muda. Na ikiwa mpakaji aliongeza maji mengi ili rangi itiririke vizuri, chembe za kushikilia zimekuwa chache mno na ngozi inayobaki ni dhaifu. Mkufunzi aliwaambia washiriki walowanishe brashi kwa maji badala ya kumimina maji kwenye rangi. Atakayehitaji rangi nyepesi zaidi aongeze matone, si vijiko.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuipa rangi mahali pa kushika.

Kuosha, kukwaruza na kushika kwa shingo

Mipira mingi isiyo na rangi inayopatikana madukani ni ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Ile ya kioo ipo pia, na ndiyo ya zamani zaidi. Mji wa Lauscha nchini Ujerumani umekuwa ukiitengeneza kwa kupuliza kioo tangu karne ya 19, na ukuta wa mpira wa aina hiyo ni mwembamba kiasi kwamba mtu huusikia ukilia akiugonga kwa kucha. Aina hizi mbili hazitayarishwi kwa njia moja.

Mpira wa plastiki huvuliwa kwanza kifuniko chake cha chuma na kile kiwaya cha kuning'inizia, ambavyo huwekwa pembeni kwenye kikombe. Tundu la shingo huzibwa kwa pamba, kwa sababu maji yakiingia ndani hayatoki kwa urahisi na yataacha ukungu usioweza kufutwa. Kisha mpira huoshwa kwa maji vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, husuuzwa na kufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ukikauka, husuguliwa kwa msasa laini, namba 400, kwa mizunguko midogo bila kukaza mkono. Lengo si kuchimba. Lengo ni kuondoa ung'aavu, na mtu atajua amefika pale uso unapokuwa na ukungu mmoja kila mahali. Sehemu inayobaki inameta ndiyo itakayobanduka. Vumbi la msasa hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu.

Mpira wa kioo hausuguliwi. Huoshwa kwa upole, kisha hufutwa kwa pamba iliyotiwa spiriti. Hapa mkufunzi alitoa onyo ambalo wengi hawakuwa wamelisikia. Spiriti nyingine ya kusafishia vidonda hutiwa mafuta kidogo ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo hubaki kwenye kioo. Njia ya kujua ni kudondosha tone moja juu ya kioo cha kujitazamia na kuliacha likauke. Likiacha duara la mafuta, spiriti hiyo ibaki kwa vidonda. Kwa plastiki, spiriti haihitajiki, na thina isiguse kabisa. Thina huyeyusha uso wa plastiki nyingi, na mpira unaopitisha mwanga hujaa nyufa ndogo kama utando wa buibui.

Kuanzia hapo, mpira haushikwi tena kwa mwili wake. Kijiti cha mishikaki huviringishiwa selotepu kwenye ncha moja mpaka kikae imara ndani ya shingo, na mpira hugeuzwa kwa kuzungusha kijiti hicho. Ukimaliza kupakwa, kijiti husimamishwa ndani ya beseni au ndoo yenye mchanga. Beseni moja la kufulia lilitosha mipira 12 bila mmoja kugusa mwingine.

Safu nyembamba, na subira kati yake

Safu ya kwanza ni andakoti nyeupe ya maji, ya aina inayoandikwa kwenye kopo kwamba inashika kwenye nyuso laini. Hupakwa mara moja, nyembamba, na kuachwa usiku kucha. Mpira ukionekana una mistari ya brashi na sehemu ambazo plastiki bado inaonekana kwa mbali, hapana neno, kwa sababu kazi ya andakoti ni kushika, si kupendeza.

Siku inayofuata ndipo rangi ya chini hupakwa, mara mbili, kwa brashi pana yenye nywele laini. Kila safu huwa nyembamba. Wanaoanza hupenda kupaka safu moja nene ili wamalize, na hapo ndipo wanapopoteza muda. Safu nene hukauka juu kwanza na kufungia maji ndani. Brashi ya safu ya pili ikipita, ile ngozi ya juu huvutwa na kukunjana kama utando wa maziwa ya moto.

Je, mtu atajuaje kwamba safu imekauka? Si kwa kutazama. Mkufunzi aliwafanya washiriki waguse mpira kwa mgongo wa kidole, kisha waguse meza. Maji yanapokuwa bado yanatoka ndani ya rangi, uso huwa wa baridi kidogo kuliko vitu vingine vya chumbani. Ubaridi ukiisha, safu nyingine inaweza kufuata. Katika jua la Januari hilo huchukua nusu saa. Novemba, wakati wa mvua, linaweza kuchukua saa mbili, na hakuna njia ya mkato isipokuwa kuhamia chumba chenye hewa inayopita. Kuuweka mpira juu ya jiko ni kuharibu plastiki.

Jambo moja la kukumbuka wakati wa kuchanganya rangi ni kwamba akriliki hukauka ikiwa nzito zaidi kuliko inavyoonekana mbichi. Kijani kinachopendeza kwenye sahani kitakuwa cheusi zaidi kwenye mpira. Ni vizuri kupaka kidogo kwenye kipande cha karatasi na kusubiri kabla ya kupaka mpira mzima. Na kwa kuwa rangi hii hukauka haraka hata kwenye sahani, kitambaa kilicholowa maji hutandikwa kwanza kwenye sahani, karatasi ya kuokea keki huwekwa juu yake, na rangi hukamuliwa hapo. Itakaa mbichi kwa saa kadhaa. Brashi nazo huoshwa papo hapo. Brashi iliyoachwa ikakaukiwa na akriliki ni kijiti tu.

Kuhusu mchoro, mkufunzi hakusema mengi, na pengine ni sawa, maana kila mtu ana mkono wake. Alionyesha mmoja tu: tawi la msaipresi, mti ambao familia nyingi nchini hukata tawi lake wakati wa Krismasi. Shina hupigwa kwa mstari mmoja, majani kwa vipigo vifupi vya brashi nyembamba, na vitone vyekundu hutiwa kwa kuchovya upande wa nyuma wa brashi kwenye rangi. Vitone vya namna hiyo hutoka sawasawa kuliko vinavyochorwa. Akaongeza kwamba mchoro uachie theluthi moja ya mpira bure, kwa ajili ya jina.

Vanishi ya katikati

Hapa palikuwa na kitu ambacho hakuna mshiriki aliyekifanya awali. Badala ya kuandika jina moja kwa moja juu ya rangi, mkufunzi aliacha mchoro ukauke siku nzima, kisha akapaka safu moja nyembamba ya vanishi ya maji isiyo na rangi. Vanishi ilipokauka ndipo akaandika. Akaandika jina vibaya kwa makusudi, akachukua kijiti cha pamba cha masikio kilicholowanishwa kidogo, akafuta. Jina likatoka lote, na tawi lililokuwa pembeni halikuguswa.

Sababu ni nyepesi. Rangi mbichi iliyo juu ya vanishi hufutika katika dakika ya kwanza au mbili kwa sababu haijashikana na kilicho chini. Rangi mbichi iliyo juu ya rangi nyingine hujipenyeza kidogo, na ukiifuta huacha doa au huchubua ile ya chini. Safu hiyo moja ya vanishi humpa mwandishi nafasi ya pili, na kwa mpira wenye jina la mtu, nafasi ya pili ni kitu kikubwa.

Vanishi inayofaa ni ile ya maji. Vanishi ya mafuta inayopakwa kwenye viti na milango hugeuka njano kadiri miaka inavyopita, na mpira mweupe utaonekana kama ulikaa jikoni penye moshi. Vanishi ya sprei hutoa uso laini sana, lakini dawa iliyomo huweza kula plastiki inayopitisha mwanga, na ikipulizwa wakati hewa ina unyevu mwingi huganda ikiwa na ukungu mweupe. Anayetaka kuitumia aijaribu kwanza kwenye mpira usio na thamani, apulizie nje, mbali na jiko, na achague asubuhi isiyo na mvua.

Jina juu ya duara

Kuandika juu ya mpira si kama kuandika kwenye kadi. Mpira wenye upana wa sentimita 8 una mzunguko wa takriban sentimita 25, lakini mtu anayeutazama kwa mbele huona vizuri theluthi moja tu, yaani kama sentimita 8. Jina lote linapaswa kutoshea humo. La sivyo, mwenye nyumba atauona mti wake ukiwa na "njir" na atalazimika kuuzungusha mpira ili ajue ni Wanjiru.

Kwa hiyo mtu huanza na mpira wa ofisi, ule wa kufungia noti, ambao huvishwa mpira wa Krismasi kiunoni ili kupata mstari ulionyooka. Mstari hafifu wa penseli hupigwa juu yake, kisha ule wa kufungia huondolewa. Herufi huhesabiwa. Wanjiru ina herufi saba, kwa hiyo ya katikati ni "j", nayo huandikwa kwanza, katikati ya nafasi. Kisha mwandishi huenda kushoto na kulia kwa zamu. Nafula ina sita, basi katikati ni pengo kati ya "f" na "u". Herufi kama "m" na "w" hula nafasi mara mbili ya "i" na "l", na hilo hurekebishwa kwa jicho wakati wa kuandika kwa penseli, kabla ya rangi. Brashi nyembamba au maka peni ya rangi ya akriliki zote zinafaa. Maka peni ni rahisi zaidi kwa mkono unaotetemeka, lakini wino wa nyingine huyeyuka na kusambaa vanishi ya mwisho inapopita juu yake. Lazima ijaribiwe kwanza.

Ugumu mkubwa zaidi wa majina, hata hivyo, hauko kwenye brashi. Uko kwenye tahajia. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni watu watatu tofauti. Jina la Achieng' lina alama ya mwisho inayoonyesha sauti ile ya ng'ombe, na familia nyingi huiona ikikosekana kabla hazijaona mchoro. Mkufunzi aliwashauri washiriki wasikubali kamwe jina kwa simu ya kuongea. Mteja aandike mwenyewe, kwa ujumbe mfupi au kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikae mezani mpaka mpira ukabidhiwe.

Oda ya mipira 12

Sehemu ya pili ya mafunzo ilikuwa oda ya kweli. Familia moja ilitaka mipira 12 kwa mkutano wao wa Desemba, mmoja kwa kila mtu, na orodha ililetwa ikiwa imeandikwa kwa mkono. Ndani yake kulikuwa na wavulana wawili, Ian na Iyan, ambao wangechanganywa na mtu yeyote aliyesikia tu. Nyanya wa familia aliandikwa kama "Cucu". Mshiriki aliyepewa mpira huo, aliyezoea kumwita bibi yake Shosho, aliandika "Shosho" bila kuangalia karatasi. Mwenzake akacheka, kijiti cha pamba kikatafutwa, na katika nusu dakika mpira ulikuwa safi tena. Bila ile vanishi ya katikati, tawi lake la msaipresi lingechorwa upya siku hiyo.

Mpira wa 12 ulikuwa tofauti. Ulikuwa wa guka, ambaye alifariki mapema mwaka huo, na familia ilileta kipande cha shati lake la mistari, kikubwa kama kiganja. Waliomba kiwekwe ndani ya mpira. Hilo liliwezekana kwa sababu mpira unaopitisha mwanga una tundu, lakini lilibadilisha utaratibu mzima. Kwanza, selotepu ya duara ilibandikwa mbele ya mpira kabla ya msasa, ili pabaki dirisha linalong'aa. Andakoti na rangi zikapita juu ya selotepu. Kitambaa kilikaushwa kwa pasi, kwa kuwa kitambaa chenye unyevu wowote kikifungiwa ndani huota ukungu na kuufanya mpira utoe jasho. Kikaviringishwa kuwa ukanda, kikaingizwa kwa kijiti kupitia shingo, kikajifungua chenyewe ndani.

Kubandua selotepu ndiko kulikowashikisha watu pumzi. Kama rangi imekauka kabisa, selotepu ikivutwa huondoka na kingo za rangi zikichanikachanika. Kwa hiyo mkufunzi alipitisha ncha ya wembe kuzunguka dirisha kwanza, kwa wepesi, akakata ngozi ya rangi bila kukata plastiki, ndipo akavuta selotepu polepole huku akiikunja kuelekea nyuma. Dirisha lilibaki safi, na mistari ya shati ikaonekana. Chini yake paliandikwa neno "Guka" na mwaka. Hakuna aliyetaka kuandika neno hilo, na mwishowe lilimwangukia yule mwanamke wa mpira mwekundu. Aliliandika kwa penseli mara tatu kabla ya kushika brashi.

Kalenda ya oda hiyo inafaa kuangaliwa na kila anayepanga kuuza. Jumatatu mipira ilioshwa, ikasuguliwa na kupakwa andakoti. Jumanne ilipata rangi ya chini, safu mbili. Jumatano ilichorwa. Alhamisi ilipata vanishi ya katikati, na Ijumaa majina yaliandikwa. Jumamosi haikuguswa. Jumapili alasiri, vanishi ya mwisho ilipakwa safu mbili, kwa nafasi ya saa tatu, kwa brashi laini inayopita mara moja bila kurudi nyuma, kwa sababu kurudirudi huingiza viputo vya hewa. Kisha mipira ilibaki kwenye vijiti vyake kwa wiki nzima nyingine. Mikono ya watu ilifanya kazi saa chache tu. Muda mwingine wote ulikuwa wa kusubiri, na hauwezi kununuliwa. Anayepokea oda tarehe 15 Desemba na kuahidi kuikabidhi tarehe 20 anaahidi rangi ambayo haijakomaa.

Kupima kabla ya kufunga

Katika kila kundi la mipira, mmoja wa ziada hutayarishwa na kupakwa sawasawa na mingine, bila jina. Huo ndio wa kuteswa. Siku ya mwisho, selotepu hubandikwa juu yake, hukandamizwa kwa kidole na kuvutwa kwa ghafla. Rangi isipotoka, ukucha hujaribiwa karibu na shingo. Ule wa oda ya 12 ulitoa doa dogo mahali pamoja, chini, na ulipochunguzwa ilionekana msasa haukufika hapo. Mipira mingine ilikaguliwa sehemu hiyo hiyo. Miwili ilikuwa na mng'ao uliobaki karibu na shingo, ambapo kifuniko kingefunika, na ikaachwa ilivyo.

Kufunga ndiko kulikomwangusha mwanamke yule mwaka uliopita zaidi ya kitu kingine. Alipaka vanishi asubuhi, akafunga kwa karatasi ya plastiki jioni, na mizigo ikasafiri kwenye buti la matatu katika joto la mchana. Ngozi ya akriliki hulainika ikipata joto, hata ikiwa imekauka, na ikiwa changa hushika chochote kinachoigusa. Plastiki ndiyo huishika vibaya zaidi. Baada ya wiki moja ya kukomaa hatari hiyo hupungua sana, lakini haiishi kabisa. Kwa hiyo mpira hufungwa kwa karatasi ya kuokea keki, isiyoshika rangi, kisha karatasi ya kaki kwa nje. Trei ya mayai haitoshi mipira ya sentimita 8, ila ile midogo. Kikundi kilitumia boksi la kadibodi lililogawanywa kwa vipande vya kadibodi vilivyokatwa na kupachikwa kwa kupishana, kila mpira na chumba chake, shingo juu. Boksi likabebwa mapajani, si kwenye buti.

Mteja naye huambiwa mambo matatu kwa karatasi ndogo inayowekwa ndani ya boksi. Mpira haufuliwi wala hauloweshwi, hufutwa vumbi kwa kitambaa kikavu. Hauning'inizwi nje kwenye mvua wala karibu na mshumaa. Na ule wa kioo, au wenye kifuniko kinachotoka, hawapewi watoto wadogo kuchezea.

Mipira 12 ilichukuliwa Ijumaa. Aliyekuja kuichukua alifungua boksi pale pale mlangoni, akatafuta ule wenye dirisha, akausoma, akaurudisha kwenye chumba chake. Kisha akauliza kama kikundi kinaweza kutengeneza mwingine wa namna hiyo, kwa kuwa shati lilikuwa limebaki na mkono mzima na shangazi mmoja anayeishi mbali hakuwa kwenye orodha. Aliambiwa aandike jina la shangazi huyo kwenye karatasi, na asubiri wiki mbili.